Yai moja ni gramu ngapi?

Keki ya shangazi ilinishinda mara tatu kabla sijajua kosa liko wapi. Shangazi yangu anaishi Uingereza miaka mingi, na keki yake ya siagi tuliila kila alipokuja likizo Tanga: laini, yenye unyevu, ukiikata haibomoki. Siku nilipoanza kupokea oda za keki nyumbani, yeye ndiye niliyemwomba maelekezo. Aliniandikia kwa ufupi: siagi gramu 225, sukari gramu 225, unga wa ngano gramu 225, beking pauda vijiko viwili vya chai, mayai 4 makubwa, maziwa kidogo na vanila.

Nilipima siagi. Nilipima sukari na unga. Nikapasua mayai manne ya kienyeji kutoka kwa kuku wa mama, nikayachanganya, nikaoka. Keki ilipasuka juu kama udongo wa kiangazi. Ukiweka kipande mdomoni unatafuta maji. Mara ya pili nikapunguza moto, nikidhani oveni inawaka kupita kiasi. Mara ya tatu nikabadilisha unga. Ile ya tatu ilikuwa ya mahafali ya mtoto wa jirani, na mama yake aliipokea kwa adabu, akalipa, lakini sikumwona tena akiagiza.

Nilipompigia shangazi simu aliniuliza swali moja tu. "Mwanangu, mayai yako yana uzito gani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepima kila kitu kwenye mizani isipokuwa kitu kimoja, na hicho nimekihesabu kwa idadi kana kwamba mayai yote hutoka kiwandani.

Jioni ile nilikaa na mizani yangu ndogo ya betri, ile ya kupima hadi kilo 5 na kuonyesha gramu moja moja, na mayai ya aina mbili. La kienyeji, pamoja na ganda lake, lilikuwa gramu 41. La kisasa, kutoka kwenye trei niliyonunua dukani, lilikuwa 58. Nikayapasua, nikapima maganda peke yake. Ganda la yai la kienyeji lilikuwa gramu 5, la kisasa gramu 7. Kwa hiyo kilichoingia kwenye bakuli kilikuwa gramu 36 kwa moja na 51 kwa lingine. Nikapima na mengine kumi ili nisije nikategemea yai moja. Ya kienyeji yalicheza kati ya 33 na 40 bila ganda, na ya kisasa kati ya 47 na 55.

Halafu nikamuuliza shangazi huko kwao "makubwa" maana yake nini. Akanisomea kasha la mayai. Uingereza na nchi za Ulaya wanayapanga kwa uzito wa yai na ganda lake: la kati ni kuanzia gramu 53 hadi chini ya 63, na kubwa ni kuanzia 63 hadi chini ya 73. Kwa hiyo yai lake kubwa, ukiondoa ganda, linatoa kama gramu 60. Baadaye niligundua kwamba Wamarekani nao wana "kubwa" yao, na hilo ni la gramu 57 hivi pamoja na ganda, yaani kwa Mwingereza lingeitwa la kati. Kwa hiyo neno kubwa kwenye maelekezo halikuambii kitu mpaka ujue mwandishi ananunua mayai nchi gani. Maelekezo ya Kimarekani nayasoma kwa gramu 50 kila yai bila ganda. Ya Kiingereza nayasoma kwa 60 yakiandika makubwa, na kwa 50 yakiandika ya kati. Yai la kisasa la dukani kwetu, kwa vipimo vyangu, liko karibu sana na kubwa la Mmarekani.

Sasa hesabu ya keki ikawa wazi. Mayai manne ya shangazi ni gramu 240. Manne yangu ya kienyeji yalikuwa gramu 144. Nilikuwa napungukiwa na gramu 96 za yai, karibu mayai matatu mazima ya kienyeji, kwenye keki yenye unga gramu 225 tu.

Ukitaka kuelewa kwa nini pengo hilo linaua keki, fikiria yai lina nini ndani. Kama robo tatu ya yai bila ganda ni maji. Sehemu ya nane hivi ni protini, na karibu yote inayobaki ni mafuta ya kwenye kiini. Nikipunguza gramu 96 za yai nimepunguza zaidi ya gramu 70 za maji, ambazo unga unazihitaji ili ulainike ukiiva. Nimepunguza pia gramu kama 12 za protini, ambazo zikipata moto huganda na kushika keki isibomoke. Ndiyo maana keki yangu ilikuwa kavu na tena inamomonyoka. Ukavu ulitokana na maji yaliyokosekana, na kumomonyoka kulitokana na protini. Mara zote tatu rojo lilinionyesha dalili mapema, mimi sikujua kulisoma. Lilisimama kwenye kijiko kama ugali laini. Rojo la keki ya siagi lenye yai la kutosha, ukiinua kijiko na kukitikisa mara moja, linadondoka lenyewe, polepole, kwa donge moja.

Mtu anaweza kusema ongeza maziwa basi. Nilijaribu. Pengo likiwa gramu 15 au 20, kijiko kikubwa kimoja cha maziwa kinalifunika na hakuna atakayejua. Kwa pengo la gramu 96 maziwa yanarudisha maji, ila hayana ile nguvu ya kushika, na keki inatoka laini juu halafu katikati inazama. Pengo likizidi gramu 20 mimi napasua yai jingine.

Kwa hiyo keki ya nne niliifanya hivi. Nilihitaji gramu 240. Nikigawanya kwa 36 napata mayai sita na theluthi mbili. Nikapasua saba, kila moja kwanza kwenye kikombe chake kabla ya kulimwaga kwenye bakuli, maana mayai ya kienyeji hukusanywa kidogo kidogo na huwezi kujua lipi limekaa. Yote saba pamoja yalinipa gramu 251. Nikayapiga kwa uma, nikatoa gramu 11 pembeni, nikabaki na 240 kamili. Nikaongeza yai kwenye siagi na sukari kwa awamu sita, nikichanganya vizuri kila mara kabla ya kuongeza tena, kwa sababu yai lote likiingia kwa mkupuo mchanganyiko hukatika, ukaonekana kama maziwa yaliyoganda. Keki ikapanda sawasawa. Nilimpelekea yule mama jirani nusu yake bila kudai chochote.

Mara nyingine sina mayai saba. Nina matano tu, na duka limefungwa. Hapo naacha mayai yaongoze vitu vingine. Matano ya kienyeji yakiwa gramu 180, nagawanya 180 kwa 240, napata 0.75, yaani robo tatu. Kila kitu kingine nakizidisha kwa hiyo robo tatu. Siagi, sukari na unga vinakuwa gramu 169 kila kimoja, na beking pauda kijiko kimoja na nusu. Chombo cha kuokea nacho nakipunguza, la sivyo rojo linakaa jembamba na keki inakauka. Keki hiyo ni ndogo, ila ni keki ile ile ya shangazi.

Mpaka hapo nilidhani tatizo ni la maelekezo ya ng'ambo. Mkate wa mayai wa bibi ndio ulionionyesha kwamba linakwenda pande zote mbili.

Bibi hakuwahi kuandika. Aliyemwandikia ni mama, kwenye daftari la shule: mayai 10, sukari vikombe viwili, unga vikombe viwili, iliki. Bibi aliupika kwenye sufuria, moto chini na makaa juu ya mfuniko, na sote tunakumbuka ulivyokuwa mwepesi. Idi moja nilitaka kuupika mwenyewe. Nikanunua mayai ya kisasa, nikahesabu kumi kama daftari linavyosema, nikayapiga na sukari kwa mashine mpaka yakawa meupe mazito. Ulipanda mpaka ukagusa mfuniko, kisha ulipopoa ukakaa chini kama godoro lililolaliwa. Chini kulikuwa na tabaka gumu lenye unyevu, linavutika ukilitafuna kama mpira, na harufu ya yai ilishinda iliki.

Mayai ya bibi yalikuwa ya kuku wake mwenyewe, wanaozunguka uani. Kumi yake, kwa gramu 36, ni gramu 360. Kumi yangu ya dukani yalikuwa gramu 510. Nilizidisha gramu 150, sawa na mayai manne ya kienyeji na zaidi, bila kuongeza hata punje ya unga wa kuyabeba. Maji yaliyozidi ndiyo yalishuka chini na kufanya lile tabaka, na protini iliyozidi ndiyo ikaleta mpira. Nilipogawanya 360 kwa 51 nikapata saba. Mayai saba ya kisasa yananipa gramu 357, na tofauti ya gramu tatu haina maana yoyote kwenye mkate wa ukubwa ule. Nikaupika tena siku ya pili ya Idi kwa mayai saba. Mama alipouonja alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Huu ndio."

Lakini haukuwa ule kabisa, na nadhani haki ya msomaji ni kuambiwa hivyo. Rangi ilikuwa hafifu na ladha ilikuwa nyepesi kuliko ya bibi. Sababu niliipata nilipotenganisha viini na ute na kuvipima. Kwenye yai langu la kienyeji la gramu 36, kiini kilikuwa 14 na ute 22. Kwenye la kisasa la gramu 51, kiini kilikuwa 17 na ute 34. Yai dogo lina kiini kikubwa kulingana na umbo lake: kwenye la kienyeji kiini kinachukua karibu gramu 4 katika kila 10, na kwenye la kisasa kinachukua gramu 3 na kidogo. Unaposawazisha uzito wa jumla, bado hujasawazisha mafuta. Kwa keki ya siagi hilo halionekani, maana mafuta ya siagi yanafunika yote. Kwa mkate wa mayai, ambao hauna mafuta mengine yoyote, linaonekana. Siku hizi nikitumia ya kisasa napasua sita, ambayo ni gramu 306, halafu natimiza gramu 54 zilizobaki kwa viini vitatu, karibu gramu 51, na kama nusu kijiko cha chai cha ute. Unakaribia sana wa bibi. Rangi ya kiini chenyewe inatokana na alichokula kuku, kwa hiyo njano ile ya bibi siipati kwa mizani.

Kutokana na hilo, maelekezo yanayotaka ute peke yake au kiini peke yake siyahesabu kwa mayai hata kidogo. Mkate wa kumimina wangu unataka ute wa yai moja kubwa, nami napima gramu 33. Yai moja la kisasa linatosha. Ya kienyeji itabidi mawili, na sehemu ya ute inabaki.

Sasa nusu yai, ambayo ndiyo watu huniuliza zaidi kuliko yote.

Biskuti zangu za siagi zinatumia unga gramu 250, siagi 125, sukari 100 na yai moja la gramu 50. Kuna wakati mteja anataka kisahani tu, nusu ya hiyo. Unga gramu 125 unataka nusu yai. Mwanzoni nilikuwa naweka yai zima, nikijiambia yai ni yai. Gramu 25 za ziada zinaonekana ndogo, ila ni karibu gramu 19 za maji kwenye unga gramu 125. Donge linanata mikononi, unaongeza unga ili lishikike, na biskuti zinatoka ngumu na zimevimba kama vikeki badala ya kukatika kinywani. Kisha nikaanza kukadiria kwa macho: nainamisha kikombe na kumimina nusu. Kilichokuwa kinatoka hakikuwa nusu ya yai. Ute mzito ukianza kuteleza unajivuta wote kwa pamoja, unakatika pale unapotaka wenyewe, na kiini kinabaki kikombeni. Siku moja biskuti zangu zilipata ute mtupu. Zilitoka nyeupe na kavu, na nilijua hata kabla sijazionja.

Nusu yai haiwezi kupimika mpaka yai liwe kitu kimoja. Hapo ndipo watu wanapoharakisha. Mimi natumia uma, situmii mashine, maana mashine inaleta povu, na povu linachukua nafasi bila uzito na kunishinda kumimina vizuri. Nalipasua kwenye kikombe chenye mdomo wa kumiminia. Naweka chembe chache za chumvi, nikizitoa kwenye chumvi ya maelekezo yenyewe, kwa sababu chumvi inalegeza ute. Natoboa kiini, halafu naupeleka uma kushoto na kulia, chini kabisa ya kikombe, bila kuunyanyua juu ya yai. Kila baada ya muda nainua uma na kuangalia. Kama kuna uzi unaoning'inia na kuvuta matone nyuma yake, ute mzito bado haujakatika. Yakianza kudondoka matone mafupi, kila moja peke yake, yai liko tayari. Kwa kawaida inanichukua karibu dakika moja. Kisha nalipitisha kwenye chujio la chai, likamate ile mikia miwili myeupe inayoshika kiini pamoja na kipande chochote cha ganda. Kama kuna povu juu, nafunika kikombe na kusubiri dakika kumi.

Kisha kupima. Kosa langu la zamani lilikuwa kuweka bakuli la unga kwenye mizani na kudondosha yai humo tone kwa tone. Mizani nyingi za betri za bei nafuu hazihisi tone linaloingia polepole. Zinaganda kwenye namba ile ile, halafu unaposhituka umeshapita. Na yai likishaingia kwenye unga hulitoi tena. Sasa naweka kikombe cha yai juu ya mizani, nabonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, nanyanyua kikombe, namimina kidogo kwenye bakuli, narudisha kikombe kwenye mizani. Mizani inanionyesha kilichopungua kwa alama ya kutoa: -9, -17, -22. Ikifika -25 nimemaliza. Kila nikirudisha kikombe mizani inapata uzito wote kwa mara moja, haigandi, na lile yai lililobaki ukingoni mwa kikombe halihesabiwi kana kwamba limeingia kwenye unga. Njia hii ilinifundisha binti yangu, ambaye alikuwa anaitumia kupima asali, na sijaiacha tangu siku ile.

Angalia jambo moja: nusu ya yai lako si lazima iwe gramu 25. Kama maelekezo yanataka nusu ya yai la gramu 50, unahitaji 25, yai lako liwe na ukubwa wowote. Nikiwa na la kienyeji la gramu 36 natoa 25 na kubakiza 11. Nusu yake ingekuwa 18, na biskuti zingekosa kijiko kizima cha chai na zaidi. Unafuata uzito wa yai la aliyeandika, siyo wa yai lililo mkononi mwako.

Asiye na mizani anaweza kufika karibu kwa vijiko vya kupimia, kwa sharti lile lile kwamba yai limepigwa, limechujwa na povu limetulia. Yai lililopigwa ni zito kuliko maji kidogo tu, kwa hiyo mililita moja unaweza kuihesabu gramu moja. Kijiko kikubwa cha kupimia ni mililita 15 na cha chai ni 5. Gramu 25 ni kijiko kikubwa kimoja na vya chai viwili, vya kusawazisha. Vijiko vya kulia chakula usivitegemee. Vyangu vya nyumbani nilivipima, kimoja kinabeba mililita 10, kingine 14. Dada mmoja tunayeshirikiana oda hutumia kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na chupa ya dawa ya kifua, chenye mistari ya mililita. Anakiosha vizuri, anajaza mpaka 25. Nimelinganisha na mizani yangu, tukatofautiana gramu moja.

Nusu inayobaki naifunika na kuiweka kwenye friji, naitumia kesho yake. Mara nyingi nailainisha kwa maziwa kidogo na kupaka juu ya skonzi kabla hazijaingia kwenye oveni, au inaingia kwenye katlesi. Umeme ukikatika muda mrefu naimwaga, kwa sababu yai bichi lililopigwa linaharibika upesi kuliko lililo ndani ya ganda lake.

Si kila chakula kinastahili mizani. Maandazi yangu ya kilo moja ya unga yana yai moja, na liwe la gramu 36 au la 60, nikikanda natazama donge na kurekebisha kwa tui la nazi. Ukweli ni kwamba yakikosa yai kabisa bado ni maandazi. Kababu, katlesi za kuchovya, chapati za mayai, vyote hivyo mkono unatosha. Napima pale ambapo yai ndilo linalobeba kitu na rojo likishaingia kwenye moto huwezi kulirekebisha: keki, mkate wa mayai, biskuti. Kipimo changu cha haraka ni kulinganisha gramu za yai na gramu za unga. Yai likikaribia nusu ya unga au kuzidi, natoa mizani. Likiwa chini ya sehemu ya kumi, nahesabu kwa idadi na kuendelea. Hapo katikati, kama zilivyo biskuti, napima nikipunguza au kuongeza kiasi cha maelekezo.

Hata trei moja ya mayai ya kisasa haifanani mwaka mzima. Kuku walioanza kutaga juzi wanatoa mayai madogo, na kwa wiki chache nimewahi kupata trei yote ya mayai ya gramu 45 na ganda. Bei ilikuwa ile ile, maana kwetu trei inauzwa kwa idadi. Siku kama hizo mtu anayehesabu anapika keki kavu wiki nzima na kulaumu unga.

Wiki iliyopita nilimrudishia mama daftari lake. Pale palipoandikwa mayai 10 sikufuta kitu, kwa sababu ni mwandiko wake na maneno ya bibi. Nimeandika pembeni kwa kalamu nyekundu: gramu 360 bila ganda. Chini yake binti yangu ameongeza kwa mwandiko wake: ya dukani sita, na viini vitatu.